Salio la Lorenzo: Hongo Ndogo katika Simulizi ya Casanova ya Kutoroka Gerezani

Giacomo Casanova alifungwa katika Piombi, vyumba vilivyo chini ya paa la risasi la Kasri la Mtawala wa Venisi, mnamo Julai 1755. Alitoroka usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1756. Simulizi yake ya tukio hilo, aliyoiandika kwa Kifaransa, ilichapishwa 1788. Aghalabu wasomaji huikumbuka kwa ule utambazi wa juu ya paa. Hata hivyo, kiini chake kimo katika jambo dogo zaidi, nalo ni ziara ya kila asubuhi ya mlinzi Lorenzo.

Dola ilimtengea mfungwa posho ya kila siku, na Lorenzo ndiye aliyemnunulia mahitaji. Casanova alimruhusu abaki na salio. Hiyo ilikuwa hongo isiyo na jina la hongo, na nguvu yake ilikuwa katika kurudiwa. Mfungwa alipotaka kununuliwa vitabu, Lorenzo aliona salio lake likipungua, akashauri vitabu viazimwe kwa mfungwa mwingine, mtawa Balbi. Hivyo tamaa ya mlinzi ndiyo iliyofungua njia ya mawasiliano. Barua zilifichwa ndani ya migongo ya vitabu, naye Lorenzo akawa tarishi asiyejua alichobeba.

Kabla ya hapo Casanova alikuwa amekwisha kutoboa sakafu kwa kipande cha chuma alichokinoa kwenye jiwe. Mnamo Agosti 1756 alihamishiwa chumba bora, ikawa kazi ya miezi imepotea. Lorenzo aliliona tundu, akaghadhabika; Casanova akamtishia kwamba angesema zana alipewa na yeye. Mlinzi akanyamaza. Chuma nacho kilikuwa kimefichwa ndani ya kiti, na kiti kikahamishwa pamoja na mwenyewe.

Sasa ilibidi chuma kimfikie Balbi, ambaye chumba chake hakikuwa kikikaguliwa. Casanova aliagiza Biblia kubwa ya Kilatini, akakitia chuma katika mgongo wake, lakini ncha zikachomoza pande zote mbili. Siku ya Mtakatifu Mikaeli akaandaa makaroni kama zawadi kwa mtawa, akalijaza sinia siagi hadi pomoni, kisha akaliweka juu ya Biblia na kumkabidhi Lorenzo vyote pamoja. Mwenye kubeba siagi inayotaka kumwagika hutazama siagi. Chuma kikapita.

Balbi alitoboa dari yake, akaliziba tundu kwa picha za watakatifu, kisha akamfikia mwenzake kwa juu. Baada ya paa waliingia tena ndani ya kasri, na asubuhi bawabu akawafungulia mlango akidhani ni watu waliofungiwa humo kwa bahati mbaya.

Mhakiki ana haki ya kushuku masimulizi yaliyochapishwa miaka zaidi ya 30 baada ya tukio, tena na mtu aliyezoea kuyasimulia mezani kwa wenyeji wake. Lakini mtungaji anayetaka sifa tupu angejipa mlinzi mpumbavu. Lorenzo si mpumbavu hata kidogo: anahesabu fedha zake kila siku, na kila hatua ya mfungwa hupitia katika hesabu hiyo.