Mlinganyo wa Riccati: Ukinusa jibu moja tu, mengine yote yanafuata

Wanafunzi wengi wa hesabu vyuoni wanaujua mlinganyo huu kwa sura kabla ya kuujua kwa jina. Upande wa kushoto kuna y', yaani kasi ambayo y inabadilika. Upande wa kulia kuna y yenyewe na, kibaya zaidi, y ya kipeo cha pili. Hicho kipeo cha pili ndicho kinachovuruga kila kitu.

```
y' = a(x) + b(x)y + c(x)y²
```

Jina lake linatoka kwa Jacopo Riccati, Mtaliano wa upande wa Venisi aliyeishi kati ya 1676 na 1754, ambaye aliandika juu ya milinganyo ya aina hii mwaka 1724. Baada yake akina Daniel Bernoulli na Leonhard Euler walikesha nao. Shida waliyokutana nayo bado ipo hadi leo: hakuna fomula moja ya kawaida inayotoa jibu la kila mlinganyo wa Riccati.

Lakini kuna mlango wa pembeni. Ukibahatika kuona jibu moja tu, lolote lile, mengine yote yanapatikana kwa hesabu ya kawaida. Chukua huu:

```
y' = y² - 2/x²
```

Hapa jibu la kwanza halitafutwi kwa miujiza. Angalia 2/x². Ni kitu gani ambacho ukikipeleka kipeo cha pili kinatoa kitu juu ya x², na kasi yake ya kubadilika nayo inatoa kitu juu ya x²? Ni m/x, ambapo m ni namba tu. Iweke ndani: kushoto unapata -m/x², kulia (m² - 2)/x². Basi m² + m - 2 = 0, na m ni 1 au -2. Kwa hiyo y = 1/x ni jibu. Lipo na la pili, -2/x, ila kwa kazi hii moja linatosha.

Sasa andika y kuwa jibu hilo ukiongeza kitu kisichojulikana, kikiwa kimegeuzwa juu chini:

```
y = 1/x + 1/z
```

Mtu atauliza, kwa nini 1/z na si z tu? Kwa sababu z tupu ingebaki na kipeo chake cha pili. Ikigeuzwa, kasi yake inakuwa -z'/z², na ukizidisha kote kwa z² kile kipeo kinayeyuka. Kinachobaki ni mlinganyo wa mstari, mpole kabisa:

```
z' + (2/x)z = -1
```

Zidisha kwa x² na upande wa kushoto unakuwa kasi ya x²z. Hivyo x²z = (K - x³)/3, ambapo K ni namba yoyote isiyobadilika. Rudi kwenye y:

```
y = 1/x + 3x²/(K - x³)
```

Ukiweka K = 0 unapata 1/x - 3/x, yaani -2/x. Lile jibu la pili limejitokeza lenyewe, na hiyo ni dalili nzuri kwamba hesabu haijapinda njiani. Jibu la 1/x lenyewe halimo kwa K yoyote ya kawaida. Linakuja pale K inapokuwa kubwa bila kikomo. Kwenye mtihani watu hulisahau, wakati ndilo walioanza nalo.

Kuna njia nyingine ya kuona jambo hilihili, na hii haihitaji hata kunusa jibu. Weka y = -u'/u. Kipeo cha pili kinajifuta chenyewe na unabaki na mlinganyo wa mstari wa daraja la pili:

```
u'' = (2/x²)u
```

Ugeuzaji huu unafanya kazi kwa kila mlinganyo wa Riccati, mradi c isiwe sifuri (pale c inapokuwa si 1, weka y = -u'/(c·u)). Lakini kuugeuza si kuutatua. Mlinganyo wa daraja la pili unadai majibu mawili yasiyofanana, na kuyapata yote mawili kunaweza kuwa kazi ngumu kuliko ile uliyoikimbia. Hapo ndipo jibu ulilolinusa linapokulipa. y = 1/x inakuambia kwamba u = 1/x ni jibu mojawapo, na kutoka kwa moja la pili linachotwa kwa integrali moja, ambalo hapa ni x². Basi u = Ax² + B/x. Ukiirudisha kwenye y, na kuchukua A = -1 na B = K, unapata fomula ileile ya juu.

Sasa ifike kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanaumia. Tuseme y ni 2 pale x ni 1. Hapo K inatoka 4. Kwenye x = 1.2, y ni kama 2.7. Kwenye x = 1.5 imeshapanda hadi karibu 11.5. Kisha kwenye x = 1.587 hivi, ambapo x³ inafika 4, y inalipuka: inapanda bila kikomo na jibu linaishia hapo.

Hatari ni kwamba fomula haipigi kelele. Weka x = 1.6 na kikokotoo kitakupa takriban -79.4, namba safi isiyo na kosa lolote la kuonekana. Lakini hiyo ni ng'ambo ya mlipuko, na aliyeanzia 1 hawezi kuvuka kufika huko. Programu ya kompyuta inayotembea kwa hatua za 0.1 nayo inaweza kuruka shimo hilo na kuendelea kuchora grafu kana kwamba hakuna kitu. Namna ya kugundua ni kuitazama u. Hapa u = 4/x - x², na inapita sifuri palepale. Yenyewe haina tatizo lolote, inakata mstari tu na kuendelea. Kila u inapogusa sifuri, y inalipuka.

Tofauti ndogo mwanzoni nayo ina gharama kubwa. Anza na y = 1 kamili kwenye x = 1 na utafuata 1/x daima. Anza na 1.01, K inakuwa 301, na mlipuko unakusubiri kwenye x = 6.7 hivi. Anza na 0.99, hulipuki kabisa: kwenye x = 6.7 upo karibu -0.075, umeshavuka sifuri kwenda chini, na mwishowe unaifuata -2/x. Ndiyo maana kompyuta iliyoambiwa ifuate 1/x huweza kuponyoka kwa kosa dogo la kukadiria desimali tu.

Na si kila mlinganyo una jibu la kunusa. y' = x² + y² unaonekana rahisi kuliko huu, lakini hakuna fomula ya vipeo, logi wala saini itakayouridhisha; Joseph Liouville alilifunga suala hilo mwaka 1841. Ukiugeuza unakuwa u'' + x²u = 0, na majibu yake ni yale yanayoitwa maumbo ya Bessel. Ukianzia sifuri kwenye sifuri, u hiyo inafika sifuri, na y inalipuka, x ikiwa imepita 2 kidogo tu, kwenye 2.003.