Mnong'ono wa Mzee wa Enanga

Mzee alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akaniuliza: "Huyu anayehutubia ni nani?"

Ni yeye. Tulikuwa tumefika mahali katika utenzi wake ambapo mama anaagana na mwanawe usiku, na maneno yote ya pale aliyatoa kwa mnong'ono, karibu pumzi tupu. Lakini kwenye spika mnong'ono ule ulikuwa umenona, umekuja mbele, una nguvu sawa na ukelele wa vita wa dakika mbili kabla. "Mimi hapa nilikuwa nasema na mtu mmoja, mwanangu," akaendelea. "Nyie mmenipandisha jukwaani."

Studio yenyewe ni chumba kimoja Kayanga, nyuma ya duka, trei za mayai ukutani na bati juu. Mwenye studio ni kijana anayerekodi kwaya na bongo fleva, na kwa kazi hizo anajua anachofanya. Mzee alikuwa ametoka upande wa Nkwenda, Kyerwa, na enanga yake imefungwa kwenye kanga. Mimi ndiye niliyewakutanisha, nikitaka sauti ya makala ya redio. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu pia, tena zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, "Ibane tu isikike."

Kwa msomaji asiyeijua enanga: ni ubao wa mti uliochimbwa kama sinia refu, na juu yake kamba moja inapitishwa kwenda na kurudi mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Huko Kagera wanaitumia Wahaya na Wanyambo, na anayeipiga kwa kawaida ndiye anayesimulia. Profesa M. M. Mulokozi aliziandikia tenzi za enanga za Wahaya tasnifu nzima ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1986, na wengi wetu tumezijua kupitia yeye. Tatizo la karatasi ni kwamba haina sauti. Mstari ulionong'onwa na mstari uliopigiwa kelele vinachapwa kwa herufi za ukubwa uleule. Nilikwenda na maikrofoni nikidhani ninaleta kile ambacho karatasi imekikosa, kisha nikafanya kosa lilelile la karatasi.

Hebu niieleze kazi ya ile mashine tuliyoitumia, kompresa. Inapima sauti inayoingia. Ikivuka kiwango ulichokiweka, yaani kizingiti, inaibana. Kwenye mita yetu, ambapo sifuri ndiyo dari, ukelele wa Mzee ulifika −6 na mnong'ono wake −28. Pengo ni desibeli 22. Sikio la binadamu huhisi kila desibeli 10 kama mara mbili ya ukubwa, kwa hiyo ukelele ulikuwa zaidi ya mara nne ya mnong'ono. Tuliweka kizingiti −28 na uwiano wa 8 kwa 1, maana yake kila desibeli nane zinazovuka zinabaki moja. Pengo la 22 likawa chini ya 3. Halafu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeshuka, tukapandisha zote kwa desibeli 19.

Hapo ndipo mnong'ono ulipogeuka hotuba. Lakini haukupanda peke yake. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, ndogo tu, −60 kwenye mita, na nayo ikapanda hadi −41. Kila Mzee akinyamaza, mvua inakuja mbele. Akivuta pumzi, pumzi inasikika kama ya mtu anayeibuka kutoka majini. Baya kuliko yote ni enanga. Maikrofoni ilikuwa moja, kwa hiyo kompresa ilipoubana ukelele ilizibana nyuzi pamoja nao, kisha ikaziachia ukelele ulipoisha. Nyuzi zikawa zinavimba na kunywea, zinavimba na kunywea. Ukitaka kuitambua kompresa iliyozidi, usisikilize mwimbaji. Sikiliza kilicho nyuma yake.

Wala haikuwa kosa la mashine. Vifaa vya ukoo huu vilienea redioni miaka ya 1930 kwa kazi ya ulinzi, kuzuia sauti kubwa isiufanye mtambo wa kurushia matangazo ukwaruze. Ni askari wa getini. Anajua kimo cha mtu, hajui habari aliyokuja nayo.

Kabla na sambamba na askari huyo kulikuwa na mkono. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi, na Wahaya wamo katika kanda zake, zilizo leo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha 1954 huko Afrika Kusini. Tracey alikuwa na desturi ambayo mafundi wengi wangeiona ya ajabu: maikrofoni aliishika mwenyewe, akaisogeza wakati wimbo unaendelea, mbele kwa sauti ndogo, nyuma kwa sauti kubwa. Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa karibu na mwimbaji, mahali pasipo mwangwi mwingi, kupunguza umbali kutoka sentimita 40 hadi 20 kunaongeza kama desibeli 6. Alikuwa anapanga ukubwa wa sauti kwa mwendo wa mkono, na alilazimika kujua kabla kwamba mwimbaji anakaribia kupaza. Aliyechelewa amechelewa, kwa sababu kilichoingia kimeshaingia.

Studioni kazi hiyo ilifanywa na kidole juu ya fada, ile swichi ya kuteleza inayopandisha na kushusha sauti. Fundi anajifunza wimbo, anaukariri, kisha anaucheza kwenye meza ya kuchanganyia kama anavyocheza mpiga kinanda. Akikosea dakika ya nne, anarudia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitoa mfumo ulioitwa NECAM: fada zenye mota, na kompyuta inayokumbuka mkono ulipita wapi. Ukikosea dakika ya nne, unasahihisha dakika ya nne tu. Kitu hicho kilichokuwa cha studio tajiri za London sasa kimo ndani ya kompyuta mpakato ya kijana wa Kayanga. Ni mstari mwembamba chini ya wimbi la sauti, na yeye anauita otomesheni. Alikuwa nao siku zote. Anautumia kufifisha biti mwishoni.

Tukaanza upya. Kwanza Mzee alitutajia utenzi mstari kwa mstari, nami nikauandika, nikaweka alama palipo na mnong'ono, simulizi na ukelele. Bila karatasi hiyo tungekuwa tunafuata umbo la wimbi kwenye skrini, na wimbi halisemi nani anaongea. Kijana anatumia REAPER. Tulifungua mstari unaoitwa Volume (Pre-FX), ambao unabadilisha sauti kabla haijafika kwenye kompresa. Hili ni jambo la msingi: ukiipanga sauti baada ya kompresa, kompresa itakuwa imeshaiharibu. Milio ya vita tukaishusha desibeli 6, minong'ono tukaipandisha 7, simulizi hatukuligusa. Pengo la 22 likawa 9. Baada ya hapo tukaweka kompresa nyepesi, 2 kwa 1, kizingiti −16, ikawa inagusa ukelele tu, tena kwa desibeli 2. Mwisho tukapandisha zote 8.

Mvua sasa, Mzee akinyamaza, ilikuwa −52 badala ya −41. Ndani ya mnong'ono nafuu ilikuwa ndogo, desibeli 4 tu, kwa kuwa ukimpandisha anayenong'ona unampandisha na mvua yake. Hilo halina dawa zaidi ya kurekodi siku kavu. Ila mvua iliacha kupanda na kushuka kila silabi, na sikio husamehe kelele inayotulia.

Kazi iliyotuchukua mchana mzima ni kuamua mstari upindie wapi. Ukipandisha katikati ya neno, msikilizaji anasikia mkono. Ukipandisha katikati ya mlio wa uzi, enanga inavimba kama mwanzo. Tukagundua kwamba mahali salama ni pale Mzee anapopiga uzi upya: pigo jipya linafunika badiliko, sikio linadhani ni yeye kapiga kwa nguvu zaidi. Palipokosekana pigo tukatumia pumzi, na badiliko tukalipa muda wa karibu nusu sekunde. Kama tungekuwa na maikrofoni mbili, moja ya mdomo na moja ya nyuzi, nusu ya taabu hii isingekuwepo.

Kisha kijana akaweka fada kwenye Touch, hali ambayo mstari unaandikwa pale tu unapoishika, akasikiliza kuanzia mwanzo huku akisukuma desibeli moja hapa, mbili pale. Mkono wake ulichelewa kila mara kidogo, kama mkono wa yeyote, kwa hiyo baadaye alizivuta zile nukta nyuma ili zitangulie neno. Tulipima kwa njia mbili. Tulipunguza spika mpaka sauti ikawa karibu kupotea: neno linalotoweka linahitaji kunyanyuliwa, linalochomoza limezidi. Halafu tukacheza toleo la zamani na jipya baada ya kuyasawazisha ukubwa, maana kinachopigwa kwa sauti kubwa zaidi hukudanganya kuwa ndicho kizuri.

Sitaki ieleweke kwamba pengo la asili lingefaa kurushwa vilevile. Redio ina kompresa yake mtamboni, na msikilizaji wangu yuko nyuma ya bodaboda ana simu mfukoni. Mnong'ono wa −28 angeukosa wote, au mtambo wa redio ungeuvuta juu kwa fujo. Tulichofanya ni kuubana sisi wenyewe, kwa kujua maana, ili mtambo ubaki na kazi ndogo. Faili ghafi, lenye pengo lake la 22, tulilihifadhi bila kuguswa mahali pawili, na nakala moja alipewa mjukuu wa Mzee.

Mzee alirudi Jumamosi. Alisikiliza dakika zote tisa amefumba macho. Pale kwa mama na mwanawe hakusema kitu. Karibu na mwisho akanyanyua kidole: kuna neno moja la kuagana ambalo tulikuwa tumelinyanyua kwa bidii lisikike. "Hilo rudisheni," akasema. "Hata mama hakutaka alisikie."

Kijana akanitazama. Nilijua mhariri wangu angelalamika kwamba hapo redio imekatika. Tukalishusha desibeli 7 zote, likarudi chini ya nyuzi.