Hariri kwanza, futa baadaye: historia ya watu waliofuta maneno yao kwa mkupuo

Bila shaka yamekukuta haya. Kompyuta imegoma usiku, unaandika tatizo lako kwenye Google neno kwa neno, unapata mjadala wa miaka tisa iliyopita wenye tatizo lile lile. Unashuka mpaka kwenye jibu. Pameandikwa `[deleted]`. Chini yake kuna mtu anashukuru, anasema imekubali mara ya kwanza. Unabaki na shukrani ya mtu usiyemjua.

Wakati mwingine, badala ya `[deleted]`, unakuta nukta moja tu, au sentensi ya hasira iliyojirudia kwenye kila komenti ya mtu huyo. Ujue hapo imepita programu. Mwenyewe ameiagiza ihariri kila alichowahi kuandika, kisha ifute. Sasa jiulize: kitu unachotaka kukifuta, kwa nini uanze kukihariri?

Turudi nyuma kidogo, mpaka Sausalito, California. Mwaka 1985 Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha WELL, baraza la mazungumzo lililokaa ndani ya kompyuta moja aina ya VAX. Watu walipiga simu kwa modemu, wakasoma, wakajibu. Brand aliweka kanuni kwamba mwenye maneno ni yule aliyeyaandika. Alikuwa anakwepa kesi: ukimkashifu mtu, ushtakiwe wewe, si wenye kompyuta. Watumiaji wakaisoma kanuni ile kwa upande wa pili. Kama maneno ni yangu, si naweza kuyachukua?

Programu ya mazungumzo ya pale, PicoSpan, ilikuwa na amri ya kazi hiyo, `scribble`. Ukiitumia, maandishi yako yanatoweka na mahali pake panabaki alama kwamba hapa palikuwa na kitu. Ilifanya kazi jibu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu mwenye maelfu ya majibu alikuwa amejifunga mwenyewe. Lakini palikuwa na wajuzi wa programu mle, na haikuchukua muda kikapatikana chombo cha kupita kila mahali na kufuta yote kwa mkupuo.

Mwaka 1990 Blair Newman, mmoja wa waandikaji wakubwa wa WELL, alikitumia. Kila alichowahi kuandika kikaondoka. Watu waliobishana naye kwa miaka sasa walionekana kama wanaongea peke yao. Wengi walikasirika, kwamba mazungumzo ni ya wote, na yeye ameng'oa nguzo akaondoka nazo. Wiki chache baadaye Newman alijiua. Howard Rheingold, aliyekuwa mwanachama, alisimulia tukio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1993. Mimi kinachonigusa ni kwamba marafiki waliporudi kumtafuta kwenye mazungumzo, walikuta mashimo. Hoja zote mbili, ya mwenye maneno na ya waliobaki, zilikuwa mezani tangu siku zile, na sioni kama kuna aliyezimaliza.

Pale kompyuta ilikuwa moja. Usenet mambo yalikuwa tofauti kabisa: ujumbe ulinakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine, na kufuta kulimaanisha kutuma ujumbe mwingine wa kuziomba seva ziutupe ule wa kwanza. Seva ingeweza kukataa. Mkanda wa kuhifadhia, uliokwishafunguliwa na kuwekwa kabatini, haukusikia ombi lolote. Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto alikuwa na mikanda 141 ya sumaku yenye ujumbe wa kuanzia mwaka 1981, na Desemba 2001 Google ikauweka hadharani pamoja na hazina nyingine, jumla kama milioni 700. Watu wazima wakakutana na ubishi wao wa ujana.

Sasa tuje Reddit, maana hapa ndipo kuhariri kwanza kulikuwa desturi. Kati ya mwaka 2008 na 2017 msimbo wake ulikuwa wazi, yeyote aliweza kuusoma. Waliousoma waliona kwamba ukifuta komenti, hifadhidata inaiwekea alama tu kwamba imefutwa, na maneno yenyewe yanabaki chini ya alama. Ukihariri, maneno mapya yanakaa juu ya yale ya zamani. Basi ujanja ukawa huo: andika upuuzi juu ya komenti, halafu ndiyo ufute. Kitakachobaki chini ya alama ni upuuzi. Kwa kila komenti, programu hutuma maombi mawili:

```
POST /api/editusertext  thing_id=t1_abc123  text=.
POST /api/del           id=t1_abc123
```

Mwaka 2023 Reddit ilipotangaza bei kubwa kwa programu za nje zinazochota data yake, maelfu ya vikundi vilijifunga kwa mgomo kuanzia tarehe 12 Juni, na watumiaji wengi wakaamua kuondoka na maneno yao. Chukua mfano wa mtu mwenye komenti 4,000 za miaka kumi. Maombi ni 8,000. Kwa mwendo wa maombi 60 kwa dakika, ni kama saa mbili na robo. Programu inamaliza, ukurasa wake mweupe, analala kwa amani.

Asubuhi anatafuta sentensi yake ya zamani, na hii hapa! Kwa nini? Kwa sababu orodha ya ukurasa wa mtumiaji huonyesha vitu 1,000 tu kwa kila mpangilio. Programu imefuta ilichoonyeshwa, na zilizobaki hazikuwahi kuingia kwenye orodha. Dawa yake ni kuomba kwanza nakala ya data yako. Inakuja na faili `comments.csv` lenye kitambulisho cha kila komenti, na programu inalipitia hilo badala ya ukurasa.

Kisa cha pili kilizua kelele zaidi. Komenti zilionekana zimefufuka, na watu wakaituhumu kampuni kwamba inazirudisha kwa siri. Tatizo ni kwamba vikundi vilivyojifunga havikuonekana kwenye orodha ya mtumiaji, kwa hiyo programu iliviruka. Mgomo ulipoisha vikafunguka, na komenti zikatokea kama zilivyokuwa. Njia ya kutambua ni rahisi: angalia kama komenti iliyorudi ina maneno yako ya awali au ule upuuzi, na kama kikundi kilikuwa kimefungwa siku ile uliyofuta. Ikiwa na maneno ya awali na kikundi kilifungwa, haikuguswa kamwe.

Ujanja wenyewe una mipaka. Kichwa cha posti hakihaririki, kwa hiyo kilichobaki ni kufuta tu. Stack Overflow huhifadhi kila toleo la jibu, na Mei 2024 waliojaribu kuharibu majibu yao kwa hasira walikuta wasimamizi wakiyarudisha kwa kubofya. Na huko Reddit kwenyewe, mwaka 2015 mtafiti Jason Baumgartner alisambaza nakala ya komenti takriban bilioni 1.7, kuanzia mwaka 2007. Aliyeandika kabla ya hapo na kuhariri mwaka 2023 alibadilisha ukurasa. Diski za watu waliokwisha kupakua hazikubadilika.

Ukitaka kujua umefikia wapi, toka kwenye akaunti, chukua sentensi tano kutoka kwenye `comments.csv`, uzitafute zikiwa ndani ya alama za kunukuu. Usishangae moja ikitokea ndani ya komenti ya mtu mwingine aliyekunukuu ili akubishie. Hiyo huwezi kuihariri, ni ya kwake.