Ukumbi Unatoa Watu Wangapi?

Muulize mwenye ukumbi wa sherehe au semina ukumbi wake ni mkubwa kiasi gani. Hatakutajia mita. Atakwambia, "Unaingiza watu mia tatu." Vyombo vya habari navyo husema hivyo hivyo: Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam unaingiza watazamaji 60,000. Wengine husema ukumbi "unabeba" watu, au "unachukua" watu. Ukifungua kitabu cha istilahi utakuta "uwezo" na "ujazo". Ujazo tuwaachie wanaopima maji na mafuta. Neno ninalotaka tulitazame kwa makini ni hilo la kuingiza, kwa sababu limezoeleka kuliko yote na ndilo linalotupotosha.

Kuingiza kunatufanya tufikirie watu wakija. Tunahesabu viti, tunavisogeza vikaribiane, tunaongeza safu mbili nyuma, na ukumbi wa watu mia tatu unakuwa wa mia nne. Wataalamu wa usalama wa majengo hawaanzi na swali hilo. Wao huuliza ni watu wangapi wanaoweza kutoka, wote, kwa dakika chache, huku mlango mmoja ukiwa umezibwa na moto. Jibu la swali hilo ndilo kikomo cha ukumbi, na ninapendekeza tuliite hivyo: kikomo. Neno "uwezo" linasikika kama sifa ya kujivunia, kitu ambacho mtu anaweza kukivuta kidogo. Kikomo kinasema wazi kwamba hapa ndipo mwisho.

Somo hili lililipiwa kwa maisha ya watu. Usiku wa Novemba 28, 1942, moto ulizuka katika klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston, Marekani. Kikomo kilichoidhinishwa kilikuwa watu 460, lakini ndani walikuwamo wapatao elfu moja. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, na watu walipoukimbilia kwa pamoja ulikwama. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli, au ilifunguka kwa ndani, kwa hiyo kadiri watu walivyoisukuma ndivyo ilivyozidi kujifunga. Walikufa watu 492. Na si lazima pawe na moto. Mjini Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika mkutano wa dini kwenye Uwanja wa Majengo, baada ya umati kusukumana. Uwanja ule ulikuwa wa wazi, lakini eneo pana halisaidii kitu pale watu wote wanapoelekea mahali pamoja.

Tuchukue basi ukumbi wa kawaida na tuupimie kikomo. Una mita 16 kwa 10, yaani mita za mraba 160. Jukwaa na meza za vyombo vya sauti vinachukua mita za mraba 30, zinabaki 130. Kanuni za ujenzi zinazotumika sana Marekani hutenga kwa kila mtu takriban mita za mraba 0.65 ikiwa viti vimepangwa kwa safu bila meza, na takriban 1.4 ikiwa kuna meza na viti. Gawanya: kwa safu ni watu 200, kwa meza ni 92. Hapo tayari tunaona kwamba ukumbi hauna idadi moja. Ukumbi ule ule ulioingiza watu 200 kwenye mhadhara wa Jumamosi hauwatoshi hata 100 kwenye chakula cha Jumapili, na anayekujibu kwa idadi moja kabla ya kukuuliza utapangaje viti, amekisia.

Lakini sakafu ni nusu tu ya hesabu. Ukumbi huu una mlango mkuu wenye upana wa mita 1.5, na mlango wa pembeni wa sentimita 90. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa moto unakutaka uchukulie kwamba mlango mpana kuliko yote umeshindikana kutumika, kisha uhesabu iliyobaki. Mlango wenye upana wa angalau sentimita 85 unahesabiwa kutoa watu 110. Wa angalau sentimita 105 unahesabiwa kutoa watu 220. Sentimita zetu 90 zinaangukia kwenye kundi la kwanza. Kwa hiyo ukumbi ambao sakafu yake inatosha watu 200 una kikomo cha watu 110.

Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa, au huamua kwamba hesabu hizi ni za Wazungu. Mimi nasema zunguka nyuma ya jukwaa kwanza. Katika kumbi nyingi nilizowahi kutembelea kuna mlango wa tatu, umefungwa kwa kofuli na mbele yake pamerundikwa viti vibovu na maboksi. Tuseme wetu una upana wa sentimita 105, na uko mbali na ile mingine kiasi kwamba moto mmoja hauwezi kuizuia yote. Ukifunguliwa, ukafunguka kwa nje, na njia yake ikawa wazi mpaka uani, hesabu inabadilika: ondoa mlango mkuu, inabaki 110 na 220, jumla 330. Sasa milango inatoa watu wengi kuliko sakafu inavyowatosha, na kikomo kinarudi kwenye 200. Kofuli moja lilikuwa limewanyima nafasi watu 90. Ikiwa zimamoto wa eneo lako wamekwisha kuuandikia ukumbi idadi ndogo kuliko hiyo, idadi yao ndiyo unayoifuata.

Kikomo hicho kinahesabu kila anayepumua ndani: wazungumzaji, mpiga picha, wahudumu wa chai, vijana wa vyombo. Kama hao ni 12, wageni wako ni 188.

Hapo ndipo linapokuja neno la pili, na hili linanisumbua zaidi. Mtu ameandikisha jina, au amepokea kadi, kisha hakutokea. Tumwiteje? Nimesikia "mtoro", lakini mtoro ni mwanafunzi aliyekimbia shule, na mgeni aliyeuguliwa na mtoto hajatoroka. Nimesikia pia "nafasi hewa", kwa mfano wa wafanyakazi hewa wa kwenye orodha za mishahara. Linavutia, ila linabeba tuhuma ya wizi ndani yake. Afadhali lugha ya kawaida: huyu ni asiyefika, na sehemu ya wasiofika katika kila mia tuiite kiwango cha kutofika. Jina lisilomlaumu mtu lina faida ya kazi pia, maana mwandalizi anayewaona wasiofika kuwa wakosaji hushughulika kuwakemea badala ya kuwahesabu.

Tuwahesabu. Tuseme umewahi kuandaa mihadhara minne ya bure. Wa kwanza waliandikishwa 150 wakafika 96. Wa pili 140 wakafika 98. Wa tatu 160 wakafika 99. Wa nne 155 wakafika 112. Jumla ni 605 walioandikishwa na 405 waliofika, yaani 67 katika kila mia. Kiwango cha kutofika ni asilimia 33. Mara walipofika wengi zaidi, walifika 72 katika mia. Mara walipofika wachache zaidi, 62.

Mwandalizi mwoga hufunga uandikishaji jina la 188 linapoingia. Kwa wastani wake watafika 126. Viti 62 vitabaki vitupu, na wakati huo huo kuna watu waliojibiwa kwamba nafasi zimejaa, wakabaki nyumbani. Hili huwa halisimuliwi kwa sababu aliyekataliwa hayupo pale kuviona viti hivyo, lakini kwangu ni kosa halisi. Mtu alitaka kuja, mahali pake palikuwapo, naye akazuiwa na orodha.

Mwandalizi aliyesoma hesabu kidogo hugawanya 188 kwa 0.67, anapata 280, na anaandikisha 280. Huyu anakosea upande wa pili. Wastani maana yake ni kwamba safari moja wanafika zaidi, safari nyingine pungufu. Akipanga kwa wastani, karibu nusu ya shughuli zake zitapita kikomo, naye atajikuta mlangoni akichagua kati ya kuvunja usalama na kuwarudisha watu waliokwisha kupanda daladala mbili.

Gawanya kwa mahudhurio makubwa uliyowahi kuyaona, si kwa wastani: 188 kwa 0.72 ni 261. Andikisha 260. Wakifika kwa wastani watakuwa 174, ukumbi unaonekana umejaa na viti 14 vimebaki. Wakifika kama ile mara ya wengi, watakuwa 187. Ukumbi ni ule ule, na kuliko yule mwoga umewakaribisha watu 72 zaidi bila kugusa kikomo.

Ila hesabu hii ina masharti. Shughuli nne ni ushahidi mdogo, kwa hiyo mwaka wa kwanza punguza zaidi. Kiwango cha mhadhara wa bure usikihamishie kwenye semina ya kulipia, aliyelipa huja. Harusini usiitumie kabisa, kwa sababu anayeshika kadi amekwisha kuchanga, na kadi ya watu wawili huleta wawili au haileti hata mmoja: watu wanaofungamana hivyo huifanya idadi iyumbe kuliko wanaokuja mmoja mmoja. Basi moja la kukodi kutoka chuo linaweza kuiharibu hesabu nzima, hivyo ukijua kuna kundi, lihesabu kama litafika lote. Na unapokusanya takwimu, usihesabu saini za kwenye daftari. Hesabu vichwa ukumbi unapokuwa umejaa zaidi, kwa kuwa kikomo ni cha walio ndani kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kazi ya siku yenyewe iko mlangoni. Siku mbili kabla, tuma ujumbe ukiuliza nani bado anakuja, na umwezeshe asiyekuja kujiondoa kwa neno moja. Nafasi yake mpe aliye kwenye orodha ya akiba. Mlangoni weka mtu asiye na kazi nyingine, mwenye kuhesabu wanaoingia na wanaotoka, na uamuzi wake wa kusimamisha usitenguliwe na mgeni rasmi wala na mwenye shughuli. Robo saa baada ya kuanza, viti visivyo na mtu wapewe waliokuja bila kujiandikisha. Walio ndani wakifika 200, anayefuata anaingia mmoja anapotoka. Nje, chini ya mti au turubai, weka spika moja na viti vya plastiki 30, mbali na njia ya milango. Huko anayesubiri anasikia mhadhara, na hujamwambia arudi nyumbani.

Na kabla ya kuchapisha idadi yoyote kwenye tangazo, mwombe mwenye ukumbi ufunguo wa mlango wa nyuma, uufungue kwa mkono wako mwenyewe, na uhakikishe unafunguka kwa nje.