Usaili Usio na Sauti

Tapeli hodari hajengi nyumba yake; huhamia katika nyumba iliyojengwa na watu waaminifu. Ndivyo ulivyokua utapeli wa usaili wa kazi kwa maandishi matupu huko Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu nao wanatafuta riziki.

Mwaka 1986 sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo ilimtaka kila mwajiri akague hati za utambulisho za anayemwajiri na kujaza fomu iitwayo I-9. Mshahara nao, kwa wengi, hupelekwa moja kwa moja benki. Kwa hiyo mwajiri akiomba kitambulisho na namba ya akaunti, mtu hashtuki.

Matapeli walianza kufanya usaili kwa Yahoo Messenger, wakahamia Google Hangouts, na siku hizi Telegram na WhatsApp. Hawataki sauti wala sura, kwa sababu kwa maandishi mtu mmoja huweza kuwasaili kumi kwa wakati mmoja, akibandika maswali yale yale.

Tuchukue mfano wa msichana aliyeomba ukarani wa kufanyia nyumbani. Anajibu maswali kwa saa moja. Baada ya dakika chache anaambiwa amepata kazi, na barua yenye nembo ya kampuni halisi inafika. Hapo anaombwa picha ya leseni ya udereva, mbele na nyuma, namba ya hifadhi ya jamii na ya akaunti. Kisha anatumiwa hundi ya kununulia kompyuta kwa "muuzaji wa kampuni".

Hapa kuna nyumba nyingine ya waaminifu. Sheria ya mwaka 1987 inazibana benki zimpe mteja fedha za hundi ndani ya siku chache, hata kabla haijajulikana kama hundi ni halali. Msichana anaona fedha, anampelekea muuzaji. Hundi ikirudi baadaye, deni ni lake. Januari 2020 FBI ilitoa onyo kuhusu usaili wa namna hii, ikasema wastani wa hasara ulikaribia dola 3,000 kwa mtu.

Mimi naona fedha ni hasara ndogo. Akaunti hufungwa, lakini namba ya hifadhi ya jamii ni vigumu mno kuibadilisha, na kwayo mwingine aweza kukopa au kudai mafao kwa jina lako.

Hadi Machi 2020 mwajiri alipaswa kushika hati halisi mkononi. Korona ikalegeza sharti hilo, na picha ya hati ikawa jambo la kawaida. Tangu Agosti 1, 2023, mwajiri anayeruhusiwa kukagua akiwa mbali hupokea kwanza nakala, kisha ni lazima amwone mwajiriwa kwa video ya moja kwa moja, akiwa ameshika hati zile zile.