Vitabu vya maneno mia tatu: hadithi nyembamba zilizozaliwa kwenye ugomvi wa lugha

Mwanzoni mwa mwaka 2025, serikali ilipozindua jijini Dodoma toleo jipya la Sera ya Elimu na Mafunzo, mjadala wa lugha ya kufundishia ulirudi redioni, vijiweni na kwenye vyumba vya walimu, kutoka Mwanjelwa hadi Mufindi. Wa Kiswahili walikuwa na hoja zao, wa Kiingereza nao na zao. Hakuna aliyekumbusha kwamba ugomvi huohuo, ulipowaka miaka ya 1980, ulituletea vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, ili mwanafunzi asome ukurasa mzima bila kukwama.

Nyanda za Juu Kusini zimo ndani ya kisa hiki tangu mwanzo. Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 iliongozwa na Jackson Makweta, mwanasiasa wa Njombe, na Njombe wakati huo ilikuwa Mkoa wa Iringa. Tume ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisimama upande wa Kiingereza, akikifananisha na Kiswahili cha dunia. Wengi tunayajua hayo.

Sehemu isiyojulikana sana ni mtihani uliofanyika mwaka huohuo. Clive Criper wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na mwenzake Bill Dodd walikuja kupima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu. Hawakuuliza kanuni za sarufi. Walichukua vifungu vya kusoma, kuanzia vile rahisi kabisa hadi vigumu, wakafuta neno hapa na neno pale, wakaacha mapengo. Mwanafunzi alitakiwa kujaza.

Jaribio la namna hiyo halidanganyiki kirahisi. Anayefuata maana ya kifungu huona neno linalokosekana karibu lijitokeze lenyewe. Anayesoma herufi tu hubaki ameshika kalamu. Na kwa kuwa vifungu vimepangwa kwa ugumu, jibu linaonyesha mwanafunzi anaweza kusoma kitabu cha ngazi gani peke yake, bila mwalimu kumtafsiria.

Matokeo yalitisha. Waliandika kwamba chini ya asilimia 10 ya wanafunzi wa kidato cha nne waliopimwa walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza ndipo yaanze. Kwa chuo kikuu, ni kama asilimia 20 tu ya waliopimwa ambao wangesoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Miaka kadhaa nyuma Penina Mlama na May Matteru walikuwa wamekwishafanya uchunguzi kwa ajili ya Baraza la Kiswahili, nao wakatetea Kiswahili kitumike kufundishia elimu ya juu. Safari hii ushahidi uliandikwa na Waingereza wenyewe.

Hapo ndipo ugomvi ulipopamba moto. Criper na Dodd, baada ya kuonyesha kwamba watoto hawaelewi wanachosomeshwa, walipendekeza wizara itoe waraka usio na utata wa kushikilia Kiingereza, na uanzishwe mradi wa kukiinua. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, wahadhiri waliolichambua suala hili katika kitabu chao cha mwaka 1997, hawakuisamehe tofauti hiyo kati ya ugonjwa na dawa. Wakosoaji wengine walikwenda mbali zaidi: walisema fedha za Uingereza zilikuja na sharti kwamba Kiingereza kibaki. Mwandishi wa makala haya anaona wakosoaji walikuwa na haki juu ya lugha ya kufundishia. Lakini katika joto la hoja, dawa yenyewe haikutazamwa kwa makini, na ilistahili kutazamwa.

Mradi ulianza mwaka 1987, ukajulikana kwa herufi zake, ELTSP. Moyo wake ulikuwa programu ya kusoma: vitabu vya hadithi vya ngazi mbalimbali vikapelekwa sekondari ili wanafunzi wasome kwa wingi, kila mtu kwa kiwango chake.

Wazo hilo halikuwa geni. Miaka ya 1920 mwalimu Mwingereza, Michael West, akifundisha Dhaka, ambayo leo ni mji mkuu wa Bangladesh, aligundua kwamba vitabu vya kusomea vilimwaga maneno mapya mengi mno katika kila ukurasa. Akaviandika upya. Maneno ya kizamani yakatoka, ya kawaida yakaingia, na kila neno jipya likaachiwa nafasi ya kujirudia kabla ya jingine kuja. Edinburgh nako, tangu miaka ya 1980, kikundi cha wataalamu kilikuwa kinapanga vitabu vya hadithi kwa ngazi nane. Ngazi ya chini kabisa hutumia takriban maneno 300 tofauti, na ya juu kiasi cha 3,000.

Kwa nini hesabu ya maneno iwe na uzito hivyo? Tusome sentensi hii, ambayo maneno manne kati ya ishirini yamebadilishwa kuwa maneno yasiyokuwepo:

Juma alipofika Mwanjelwa leo alikuta ndabi zimepanda tena, akamwambia mama yake wasidupe kwanza mpaka lori la Tukuyu litakapogesa mkiso mpya.

Msomaji anayajua maneno 16 kati ya 20, yaani asilimia 80. Kwa mtihani wa shule hiyo ni alama nzuri. Kwa kusoma haitoshi kabisa: kuna soko, kuna mama, kuna lori, lakini kinachotokea hakionekani. Sasa turudishe matatu:

Juma alipofika Mwanjelwa leo alikuta ndabi zimepanda tena, akamwambia mama yake wasinunue kwanza mpaka lori la Tukuyu litakapoleta mzigo mpya.

Limebaki neno moja lisilojulikana katika ishirini, asilimia 95 zimeeleweka. Sasa kila mtu anaona kwamba ndabi ni bidhaa inayotoka Tukuyu, na bei yake imepanda. Huenda ni ndizi. Hadithi inasonga mbele, na ukurasa ujao neno likirudi limevuliwa maganda, msomaji atakuwa amejifunza bila kamusi.

Hata hapo bado kuna kazi ya kubahatisha. Hu Hsueh-chao na Paul Nation walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofanana na mchezo wetu wa sokoni: hadithi moja, maneno yakibadilishwa kwa viwango mbalimbali. Kwa asilimia 80 hakuna msomaji aliyeelewa vya kutosha. Kwa 95 ni wachache. Wakakadiria kwamba anayetaka kusoma kwa raha, bila msaada, anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Ukurasa wa maneno 250 basi usizidi maneno matano mageni.

Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, mara nyingi akiwa na Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe cha nyumbani, akipewa kitabu cha historia au biolojia kwa Kiingereza, haukaribii ukurasa wa namna hiyo. Anachofanya ni kunakili ubaoni na kukariri. Kitabu cha maneno 300 kinampa kitu ambacho kile cha kiada hakiwezi kumpa: kufika mwisho wa sura akiwa na hamu ya kujua kilichofuata.

Na hamu hiyo inadai hadithi yenye mtu anayefahamika. Vitabu vingi vya ngazi vilivyoingia nchini vilikuwa vya wachapishaji wa Uingereza, na theluji haiwi nyepesi kwa sababu tu imeandikwa kwa maneno machache. Ndiyo maana vitabu vya Richard Mabala, Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, vilikaa vizuri mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, vikaingia kwenye orodha ya vitabu vya hadithi vya muhtasari wa somo la Kiingereza. Kiingereza chake ni chepesi, lakini mambo yake ni ya hapa.

Kuingia kwenye orodha, hata hivyo, kulikuwa na gharama yake. Kitabu cha kusoma kwa raha kilipogeuka kitabu cha mtihani, wahusika na dhamira vikaanza kuandikwa kwenye daftari, na muhtasari wa kurasa chache ukatosha. Kuna pia shida ya kabati. Mwalimu anayewajibika kwa kila kitabu kinachopotea ana sababu nzuri ya kugeuza ufunguo, na kitabu chembamba hupotea upesi. Ni aibu kwetu kwamba kitabu kisichoguswa huhesabiwa kuwa kimetunzwa.

Kwa upande wa Kiswahili historia ni ndefu zaidi, ila imeandikwa kidogo. Vitabu vya Kisomo vya miaka ya 1970 vilifuata kazi za watu, zao kwa zao, ili mtu mzima akute maneno anayoyatumia shambani. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuchapisha hadithi za Kiswahili. Kati ya 2016 na 2021 Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Tusome Pamoja, programu iliyofadhiliwa na Marekani, iliyoshughulikia kusoma katika madarasa ya mwanzo.

Kiswahili kina mtego wake. Kwa kuwa kila herufi inasomeka, mtoto wa darasa la pili anaweza kutamka ukurasa mzima bila kosa huku haelewi, na mwalimu akapiga makofi. Tena neno moja kama hawajampelekea limebeba sentensi nzima, kwa hiyo kuhesabu maneno peke yake hakutoshi. Urefu wa neno nao upimwe. Njia ya kumgundua mtoto huyo ni kufunga kitabu na kumwomba asimulie.

Pengo kubwa linakuja baada ya darasa la nne. Vitabu vya watoto wadogo vinakuwa vya kitoto, na riwaya za watu wazima bado ni nzito. Katikati hapo, hadithi za Kiswahili za kurasa 60 au 80, zenye mikasa na maneno yaliyochujwa, ni chache.

Sekondari nako kuna kosa la ununuzi. Darasa la wanafunzi 40 linanunuliwa nakala 40 za kitabu kimoja, ingawa ndani yake kuna wanaohitaji maneno 300, wengine 700, na wawili watatu wanaoweza 1,500. Fedha ileile ingenunua vitabu 40 tofauti vya ngazi tatu au nne, vikapita mkono kwa mkono. Mwanafunzi angefungua ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno asilolijua, na vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya mwisho wa ukurasa, akirudishe na kuchukua cha ngazi ya chini.