Mpwa wa Msimamizi: Udugu, Ajira na Pengo la Sheria Migodini Kahama

Mwaka 1980 Göran Hydén alieleza jinsi mafungamano ya ndugu na majirani yalivyomwezesha mkulima wa Tanzania kuishi bila kulitegemea dola wala soko. Waliomfuata wamemrahisisha mno. Wanauona upendeleo wa ndugu kazini kuwa masalia ya kijijini yatakayofutwa na elimu na maombi ya kazi ya mtandaoni. Machimbo ya Kahama hayaungi mkono dai hilo.

Kwenye uchimbaji mdogo, mwenye duara hugharamia chakula na vifaa, na wachimbaji mara nyingi hawapati mshahara bali mgawo wa mifuko ya mawe. Jiwe lenye dhahabu hufichika kirahisi, na mwamba ukikosa kitu, miezi ya jasho imepotea. Mwenye duara akimwita mpwa wake, anatafuta mtu wa kumwamini na wa kuvumilia naye hasara, na anachompa ni cha kwake. Hakuna masalia hapo, kuna hesabu.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha. Mshahara ukachukua nafasi ya mgawo. Msimamizi aliyesomeshwa na dada yake bado anadaiwa, na deni hilo ni la haki kabisa. Ila akimwingiza mpwa kazini, analilipa kwa nafasi ya mtoto wa mwingine.

Huyo mwingine ana kimbilio gani? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamlinda hata mwombaji wa kazi, na akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri. Tuseme fundi mitambo mwenye cheti ameachwa, akachukuliwa mpwa asiye nacho. Kifungu kinataja kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsi, umri na mengineyo, lakini udugu hakiutaji. Fundi akiwa Msukuma wa Msalala kama mpwa mwenyewe, kabila na asili havimsaidii. Pengine wakili hodari angejaribu kuegemea hali ya maisha. Ni njia nyembamba.

Wapo watakaosema kukataza udugu kutawaumiza wenyeji wa Kakola, kando ya mgodi wa Bulyanhulu, ambako karibu kila mwombaji ana jamaa mgodini. Hoja hiyo ina uzito, lakini inajibika: kinachofaa kukatazwa ni jamaa kukaa kwenye usaili, si mpwa kuomba kazi. Msimamizi atangaze udugu kwa maandishi, atoke chumbani, na alama za kila mwombaji zihifadhiwe ili aliyeachwa aweze kuziomba.

Utaratibu huo hauwafikii vibarua wa wakandarasi wadogo, wanaochukuliwa kwa neno la mdomo. Kwao hakuna usaili wa kujitoa wala alama za kuomba, na kinga yao italazimika kuanzia kwenye mkataba kati ya mgodi na mkandarasi.